Redio ya marehemu baba: abaki nayo au aiuze alipie shule? Ulinganisho wa fundi

Redio yenyewe ni National ya transista, bendi tatu, yaani masafa ya kati moja na masafa mafupi mawili, ina kava la ngozi lenye mkanda wa kubebea na inatumia betri nne kubwa. Mwenyewe ni dogo wa miaka kumi na tano, kijiji kimoja huku upande wa Kibaigwa, baba yake alifariki mwaka jana, na aliinunua zamani akiwa anafanya kazi ranchi ya Kongwa. Mimi ni fundi redio na simu, ndo maana ikaletwa kwangu, na dogo alivyoniamkia tu akauliza, "Fundi, hii inauzwa shilingi ngapi, maana nadaiwa ada." Naandika huu ulinganisho kwa sababu watu wengi wana redio kama hii imekaa juu ya kabati na wana mtoto anadaiwa, na wanapima kwa roho tu, ooh ni kumbukumbu, ooh shule ni muhimu, wakati vyote viwili ni kweli na hapo hujapata jibu.

Anza na hela maana ndo inayopotosha watu.

Deni lilikuwa 180,000. Dogo alikuwa anasoma shule binafsi ya kutwa, baba ndo alimpeleka na alikuwa analipa kwa awamu, alivyofariki awamu mbili za mwisho hazikulipwa. Redio sasa. Kuna jamaa anapita na baiskeli vijijini ananunua vyuma chakavu na vitu vya zamani, alishampa mama ofa ya 15,000 bila hata kuiwasha. Mimi nilivyoiangalia nikamwambia dogo ikifufuka na kusafishwa inaweza kufika 60,000 mpaka 70,000, ila kwa mtu anayejua anachonunua na huyo yuko mjini, sio kijijini. Chukua hiyo bei ya juu kabisa, 70,000, toa kwenye 180,000, bado 110,000. Kwa hiyo ukiuza redio kulipa deni la shule ile, redio imeondoka na mtoto bado anarudishwa getini. Hiki ndo kitu cha kwanza nilichomwambia mama yake, kwamba usiuze kitu kwa hela ambayo haimalizi jambo lolote. Bora ujue kabisa hiyo hela inaenda kufunga nini.

Halafu kuna upande mwingine ambao hakuna mtu alikuwa ameutaja pale. Shule za serikali ada ya sekondari ilifutwa, kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita ikafutwa mwaka 2022. Hiyo haimaanishi mtoto anasoma bila gharama, sare ni yako, madaftari ni yako, chakula cha mchana mnakubaliana wazazi na shule, lakini ada haipo. Na pale kijijini shule ya kata ipo, anaenda kwa miguu. Ndo nikamwuliza mama, mnataka arudi shule ile aliyochagua marehemu, au mnataka asome? Alikaa kimya kidogo afu akasema baba yake alitaka pale. Namwelewa kabisa, mtu amefiwa juzi juzi na kila alichopanga marehemu anaona kama wosia. Lakini ulinganisho unabadilika kabisa hapo. Kwenye shule binafsi 70,000 ya redio ni hela ndogo, na awamu nyingine inakuja Aprili, na nyingine baada ya hapo, wakati redio ya kuuza ni moja. Kwenye shule ya kata hela hiyo hiyo karibu inamvalisha mtoto na kumnunulia madaftari ya mwaka mzima.

Tulipiga hesabu pale pale juu ya meza yangu. Viatu anavyo, mashati meupe anayo kwa sababu huko alikokuwa pia wanavaa meupe. Anachokosa ni suruali mbili za rangi ya shule mpya, fundi cherehani anashona 18,000 moja na kitambaa chake, hiyo 36,000. Sweta yenye rangi ya shule 15,000. Kaunta buku nane kwa 2,500, hiyo 20,000. Jumla 71,000. Chakula cha mchana walikuwa wanachangia mahindi na maharage, mahindi ya kuanzia yalikuwepo ndani.

Sasa turudi kwenye redio, maana watu wanasema tu "abaki nayo" bila kuuliza anabaki na nini.

Redio ikifika mezani kwangu siwashi kwanza, nafungua sehemu ya betri. Hii ilikuwa na betri za zamani zimevuja, zile springi zimeota unga wa kijani na mweupe. Ukiona hivyo usikimbilie kusema imekufa, mara nyingi ni umeme haupiti tu. Nilikwangua na msasa laini, nikafuta na spiriti, nikaweka betri mpya, ikawaka ila ukizungusha voliumu inakwaruza kama inachanwa. Hiyo ni vumbi ndani ya voliumu, unapuliza dawa ya kusafishia kontakti halafu unaizungusha mwanzo mwisho mara nyingi, inatulia. Sauti ikabaki ndogo na ya kukoroma, hapo kapasita zimekauka, nikabadilisha mbili. Uzi wa kusukuma mshale wa stesheni mzima. Fimbo nyeusi ya feraiti, ile eriali ya ndani ya masafa ya kati, nzima pia, na hii ndo ya kuangalia kwa makini kwa sababu inavunjika redio ikidondoka, na ikivunjika redio inawaka vizuri kabisa lakini haikamati kitu, mtu anadhani ni mzunguko kumbe ni kile kijiti. Spika haijachanika. Kwa hiyo ni redio nzima. Kazi yote nikamfanyia kwa 5,000, alipe ikiuzwa.

Nzima, lakini haina FM. Hapo ndo penyewe. Enzi ya baba yake Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa inasikika masafa ya kati na masafa mafupi, ndo maana redio zote za wakati ule zilitengenezwa hivyo, na mzee alikuwa anakaa nje jioni anasikiliza taarifa ya habari, salamu na matangazo ya vifo. Leo TBC Taifa watu wanaisikiliza FM, redio za Dodoma mjini zote FM, za kanisa FM. Ile National mchana kwangu ilikuwa inatoa mvumo tu. Usiku ndo inapata uhai kidogo, kwa sababu jua likizama mawimbi ya masafa ya kati yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana, unasikia stesheni za nchi nyingine zinakuja na kuondoka, Kiarabu, Kifaransa, na kwenye masafa mafupi unaweza kupata Kiswahili ukibahatisha muda. Na kila betri nne zikiisha ni kama 6,000. Mama mwenyewe anasikiliza FM kwenye simu yake ya kitochi akichomeka earifoni. Kwa hiyo kwenye matumizi, kubaki nayo ilivyo ni kubaki na kitu cha kuwasha mara moja moja usiku.

Kuna njia ya katikati ambayo mafundi tunaipenda, kuichimba. Unaacha kasha na spika, unaweka kadi ya ndani yenye FM, memori kadi, flashi na bluutuu, na betri ya kuchaji. Kwa redio hii ingekuwa kama 25,000 na ingeimba vizuri kuliko spika nyingi za dukani kwa sababu spika zile za zamani ni nzuri. Lakini ili kadi ikae lazima utoboe uso wa redio, au ukate sehemu ya mshale wa stesheni, na ukishatoboa yule mnunuzi wa mjini haitaki tena, inarudi bei ya yule jamaa wa baiskeli. Na ukiuliza kilichobaki cha baba ni kasha. Mimi nilimshauri asifanye hivyo kabla familia haijaamua kabisa kwamba haiuzwi, maana hii njia ndo haina kurudi nyuma. Kuuza unaweza kuahirisha mwezi, tundu la drili huwezi.

Kuhusu wanunuzi lazima niseme hili maana lilikaribia kuharibu kila kitu. Wakati redio iko kwangu, baba mkubwa wa dogo alipigiwa simu na mtu anasema redio za zamani za National na Philips ndani yake kuna zebaki nyekundu, wanaita mekyuri, na kwamba wao wananunua kwa milioni 3, ila kwanza itumwe 50,000 ya kupima. Baba mkubwa akaja mbio dukani, hata salamu yetu ya Kigogo ya mbukwenyi akasahau, anataka redio irudi nyumbani haraka kabla sijaitoa hiyo kitu. Nilimfungulia mbele yake nikamwonyesha kimoja kimoja, hizi transista, hizi koili, hizi kapasita, hii feraiti, hii spika, hamna kingine. Zebaki nyekundu hiyo inayosemwa haipo, sio kwenye redio wala popote. Mwaka 2009 uvumi huo huo ulizuka Saudi Arabia kwenye cherehani za zamani za Singer, watu wakanunua mashine kwa bei za ajabu, wengine wanasogeza simu karibu na cherehani kuona kama mawasiliano yatakatika ndo wajue ipo. Ukiona mnunuzi anaomba hela ya kupima, au anataka uiwekee simu pembeni, au anakataa kukutana sehemu yenye watu, huyo hanunui redio, anakula hela yako. Mnunuzi wa kweli anauliza inawaka? kava lipo? imetobolewa? na anataka kusikia sauti.

Suala la nani anauza nalo linachanganya. Dogo alikuwa anasema "redio yangu" kwa sababu baba alimwambia akiwa mgonjwa kwamba hii utachukua wewe. Mbele ya ukoo neno hilo lina uzito, lakini mali ya marehemu ni ya warithi wote mpaka igawanywe, kuna mama na kuna wadogo zake wawili, na yeye chini ya miaka 18 bado ni mtoto kisheria. Hakuna mtu anaenda mahakama ya mwanzo kwa ajili ya redio moja, ila walikaa kikao, mama, baba mkubwa na shangazi, wakaandika karatasi kwamba redio amepewa mtoto huyu na wamekubali iuzwe kwa ajili ya shule, wakasaini, mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri. Kazi ya karatasi hiyo ni mbili. Ndugu akija baada ya miaka miwili kuuliza redio ya kaka iko wapi jibu lipo, na dogo akikutwa stendi na redio ya zamani begani hawezi kuitwa mwizi.

Upande wa kubaki nayo ulikuwa na hoja moja ambayo mimi niliiona nzito kuliko zote, na niliikuta ndani. Nilipotoa kifuniko cha nyuma nikakuta mzee ameandika kwa penseli upande wa ndani, tarehe alizozaliwa watoto wote watatu, siku na saa, na mwaka alionunua redio. Nilimwita dogo akasoma, hakuwa anajua. Mama naye alikuwa hajui, na kadi za kliniki za wale wadogo zililiwa na mchwa, kwa hiyo kile kifuniko ndo sehemu pekee tarehe zao zimeandikwa na mkono wa baba yao. Tukapiga picha kwa simu, lakini mama akasema anataka chenyewe.

Nikampigia mnunuzi mjini, ana gesti anapanga vitu vya zamani mapokezi. Kamili alikuwa anatoa 70,000. Bila kifuniko cha asili akasema 55,000, nimtafutie kifuniko cha redio nyingine kinachofanana. Kwa hiyo mkono wa marehemu ulikuwa na bei kabisa pale mezani, 15,000, sawasawa na sweta ya shule, na huo ndo uamuzi halisi aliokuwa nao dogo, mdogo kuliko ule wa kuuza au kutouza lakini ndo uliomchukua muda mrefu.

Na muda wenyewe ulikuwa mbaya. Januari kwetu Dodoma mvua zinaendelea, watu wako shambani wanapalilia, ghala linaisha, kila nyumba inatafuta hela ya shule wakati mmoja, kwa hiyo kila kitu kinauzwa na wanunuzi wachache. Alizeti na mtama zinaanza kuonekana Mei, Juni. Kitu hicho hicho ukikiuza Juni hulazimiki kukubali bei ya kwanza. Ndo maana mtu akiniuliza auze au asubiri nauliza kwanza, shule inaweza kusubiri mpaka mavuno? Kwa deni la shule binafsi jibu lilikuwa ndio kwa nusu. Mama alienda na baba mkubwa kuongea na uongozi, wakauza dume moja la mbuzi 90,000 wakalipa nusu, majike matatu wakayaacha maana hayo yanazaa, na nusu iliyobaki wakaandikishana italipwa baada ya alizeti. Kwa hiyo karatasi za uhamisho zikatoka. Kwa sare na madaftari jibu lilikuwa hapana, shule ya kata imefungua, na yeye anaingia kidato cha pili, mwaka wa mtihani wa taifa, usajili wa watahiniwa unafanyika mapema, ukihama kwa kuchelewa unajikuta umesajiliwa sehemu ambayo husomi.

Dogo aliuza bila kifuniko. 55,000, akanilipa 5,000 yangu, ikabaki 50,000, na hesabu ilikuwa 71,000, kwa hiyo akashona suruali moja badala ya mbili, hapo ikabaki pengo la 3,000 na mama akaliziba kwa kibarua cha kupalilia. Suruali moja maana yake anafua jioni na kuanika, na siku za mvua inakuwa shida. Baba mkubwa hakufurahi, alisema kifuniko kitupu ni cha nini, kingekuwa suruali. Mimi nilikuwa upande wa dogo na bado niko, kwa sababu suruali ya pili inaweza kupatikana Juni.

Ukiniuliza ningemshauri nini kama mambo yangekuwa tofauti kidogo, inategemea vitu vichache tu. Ingekuwa na FM nisingemwambia auze kabisa kwa bei hiyo, redio yenye FM ni chombo cha nyumba nzima, na 55,000 huirudishi, ukienda dukani na hela hiyo unapata plastiki ya mwaka mmoja. Ingekuwa fimbo ya feraiti imevunjika na kasha limepasuka, yaani bei ni ile ya 15,000, ningemwambia abaki nayo hata kama anadaiwa, hela hiyo haifungi hata sweta na madaftari, ipakie vizuri, toa betri zote kabla ya kuihifadhi ili zisivuje tena ndani. Na ingekuwa yuko kidato cha nne amebakiza miezi michache, kuhama kungemuumiza kuliko kumsaidia, hapo ningewaambia wauze mbuzi wawili na redio waiweke rehani kwa baba mkubwa mwenyewe, kwa maandishi, bei ya kukomboa imeandikwa na tarehe imeandikwa, kwa sababu rehani ya ndugu bila karatasi mara nyingi inageuka mauzo bila mtu kutangaza.